Anayeamua Naye Abebe: Hatari ya Kimaadili katika Mkopo na Bima



Juma lililopita, tulipokuwa tukichambua methali isemayo "Kukopa harusi, kulipa matanga," mmoja wenu aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, mbona methali hii inamlaumu mkopaji peke yake? Aliyemkopesha hana lake?" Darasa lilicheka, nami nikacheka. Lakini swali hilo lilinifuata hadi nyumbani, kwa sababu miaka michache iliyopita nililipa deni ambalo sikulikopa.

Mwalimu mwenzangu aliomba mkopo wa shilingi 3,000,000 katika chama cha akiba na mikopo ili afuge kuku wa mayai. Chama kilitaka wadhamini wawili wenye mshahara, nami nikawa mmoja wao. Siku ya kutia saini, ofisa wa mikopo alizikagua hati zetu za mshahara kwa makini, akahesabu ni kiasi gani kingeweza kukatwa kila mwezi. Hakuuliza banda liko wapi. Hakuuliza bei ya chakula cha kuku, wala kama mwenzetu amewahi kufuga hata jogoo mmoja. Vifaranga waliponunuliwa walikuwa wengi kuliko banda, ugonjwa ukaingia, na katika majuma mawili banda likabaki na manyoya. Mwenzetu alihama. Sisi wadhamini tukakatwa mshahara mwaka mzima. Chama hakikupoteza hata senti moja.

Kwa muda mrefu nilimkasirikia mwenzangu. Leo nataka kuwaeleza kwa nini hasira yangu ilikuwa imelenga nusu tu ya kosa, na kwa nini kila raia anayetia saini mkataba wa mkopo au wa bima anapaswa kulielewa jambo ambalo wanauchumi huliita hatari ya kimaadili.

Jina linalopotosha

Hatari ya kimaadili ni hali ambayo mtu hupunguza uangalifu, au huchagua njia ya hatari zaidi, kwa kuwa anajua hasara itakayotokea itabebwa na mwingine. Mambo mawili lazima yakutane. Kwanza, anayeamua asiwe ndiye anayeumia. Pili, anayeumia awe hana njia nyepesi ya kuona jinsi mwenzake anavyoamua. Likikosekana moja kati ya hayo, hatari hiyo haipo au ni ndogo sana.

Jina hili lilizaliwa katika biashara ya bima. Katika karne ya 19, kampuni zilizokatia majengo bima ya moto zilitenganisha hatari za aina mbili. Hatari ya kwanza ilitoka katika jengo lenyewe, kwa mfano paa la nyasi au jiko lililo karibu na ukuta wa mbao. Ya pili ilitoka kwa mwenye jengo, kwa mfano mfanyabiashara ambaye ghala lake lina bidhaa zisizouzika, na ambaye akilitazama huona kwamba likiungua atapata fedha zaidi kuliko likisimama. Hiyo ya pili ndiyo iliyoitwa ya kimaadili, kana kwamba shida yote iko katika tabia ya mtu.

Sheria nayo iliingia mapema. Mwaka 1774 bunge la Uingereza lilikataza mtu kukata bima ya maisha ya mtu mwingine ikiwa hana maslahi yoyote katika uhai wake. Kabla ya hapo watu waliweza kukata bima ya maisha ya wasiowajua, mfano wa wachezaji kamari. Fikirini maana yake: mtu asiyekuombea uzima ananufaika ukifa. Sheria ile iliweka msingi ambao bado umesimama, kwamba mwenye bima lazima awe mtu atakayeumia kweli kweli jambo likitokea.

Mwaka 1963 mwanauchumi Kenneth Arrow aliandika makala mashuhuri kuhusu gharama za matibabu, akaonyesha jinsi bima inavyoweza kubadili mwenendo wa mgonjwa na daktari. Miaka mitano baadaye, mwaka 1968, Mark Pauly alimjibu kwa hoja ambayo naipenda sana. Alisema kwamba mtu anayetumia huduma zaidi kwa sababu bima inalipa si lazima awe mwovu, kwani anafanya hesabu ya kawaida ambayo kila mnunuzi huifanya bei inaposhuka.

Hapo ndipo ninaposimama nami. Tusichanganye hatari ya kimaadili na udanganyifu. Anayechoma duka lake mwenyewe ili alipwe fidia ni mhalifu, na mahakama zipo kwa ajili yake. Ninachokizungumzia ni jambo la kimyakimya zaidi: mtu mwema, msema kweli, mcha Mungu, ambaye mkataba wake umemwondolea sababu ya kuwa mwangalifu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkataba mbaya humpa mtu mmoja mamlaka ya kukitandika kitanda, kisha ukamlaza mwingine.

Pikipiki na kufuli lake

Tuanze na bima, tukitumia mfano wa kubuni wenye hesabu nyepesi. Kijana wa bodaboda ana pikipiki ya shilingi 6,000,000. Katika mtaa wake, kati ya pikipiki kumi zinazolazwa nje bila kufungwa, moja huibiwa kila mwaka. Zikifungwa kwa mnyororo mzito na kufuli imara, huibiwa moja tu kati ya ishirini. Mnyororo, kufuli na usumbufu wa kufunga kila usiku tuvithamini kuwa shilingi 80,000 kwa mwaka.

Ikiwa kijana huyu hana bima, je, atafunga? Bila kufuli, hasara yake ya wastani kwa mwaka ni sehemu ya kumi ya milioni sita, yaani 600,000. Akifunga, ni sehemu ya ishirini, yaani 300,000. Kwa kutumia 80,000 anaepuka hasara ya wastani ya 300,000. Kijana yeyote mwenye akili atafunga.

Sasa mpeni bima inayolipa thamani yote ya pikipiki ikiibiwa. Gharama ya kufuli bado ni yake, lakini faida ya kufuli imehamia kwa kampuni. Hata kama hana nia mbaya, siku ya mvua atasema, "Nitafunga kesho." Mnyororo ukikatika hatanunua mwingine. Kampuni haiwezi kumweka mlinzi nje ya kila nyumba usiku ili ione nani amefunga. Matokeo yake ni kwamba inalipa fidia ya wastani wa 600,000 kwa kila pikipiki badala ya 300,000, nayo lazima ikusanye ada isiyopungua kiasi hicho. Anayeumia mwishoni ni kijana yule yule, pamoja na wenzake wote wanaofunga pikipiki zao kwa uaminifu, kwa maana ada imepanda kwa kila mtu.

Dawa inayojulikana katika bima ni kumwachia mwenye bima sehemu ya hasara. Wengi huona sehemu hiyo kuwa ujanja wa kampuni wa kupunja fidia. Tuipime kwanza. Mkataba ukisema kwamba asilimia 20 ya hasara, yaani 1,200,000, itabaki kwa kijana, basi kufuli litampunguzia yeye mwenyewe hasara ya wastani kutoka 120,000 hadi 60,000. Anaokoa 60,000 kwa kutumia 80,000. Hatafunga! Ameachiwa maumivu, lakini maumivu hayo hayatoshi kumwamsha usiku. Sehemu hiyo ikiwa asilimia 30, yaani 1,800,000, hasara yake ya wastani inashuka kutoka 180,000 hadi 90,000. Sasa anaokoa 90,000 kwa kutumia 80,000, na mnyororo unarudi mlangoni.

Tazameni jumla yake. Chini ya mkataba wa pili kampuni inalipa wastani wa 210,000 kwa mwaka, kijana anabaki na hasara ya wastani ya 90,000, na kufuli ni 80,000. Jumla ni 380,000, ukiacha gharama za ofisi na faida ya kampuni. Chini ya bima kamili jumla ilikuwa 600,000. Bima iliyoonekana kuwa ya ukarimu zaidi ndiyo iliyokuwa ghali zaidi. Hata hivyo, msisahau upande wa pili wa mizani: kijana aliyeibiwa licha ya kufunga sasa anatafuta 1,800,000 ambazo huenda hana. Kila sehemu ya hasara tunayomwachia mtu ili awe mwangalifu ni sehemu ya kinga tunayomnyang'anya. Mkataba wowote wa bima unaishi kati ya kuta hizo mbili.

Ng'ombe wa Marsabit

Je, kuna njia ya kumlinda mtu bila kumlegeza? Jaribio moja zuri lilifanyika kwa jirani zetu wa Kenya. Katika kaunti ya Marsabit, nchi kame ya wafugaji kaskazini mwa Kenya, kukatia ng'ombe mmoja mmoja bima kulikuwa karibu na muhali. Nani angesafiri siku mbili jangwani kuhakikisha kwamba ngamia amekufa kwa kiu na si kwa kuchinjwa? Na mfugaji aliyehakikishiwa bei ya kila mnyama anayekufa angekuwa na sababu gani ya kutembea kilomita nyingi kuwatafutia maji wanyama waliodhoofika?

Mwaka 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo na washirika wake walianzisha huko bima ya namna nyingine. Bima hiyo haikumtazama ng'ombe, ilitazama malisho. Picha za setilaiti zilipima ukijani wa majani katika eneo zima, na kutokana na kipimo hicho wataalamu walikadiria ni mifugo wangapi wa eneo hilo wangekufa. Makadirio yalipovuka asilimia 15, kila mwenye bima katika eneo hilo alistahili kulipwa kulingana na idadi ya wanyama aliowakatia bima, hata kama wanyama wake wote walikuwa hai. Baada ya ukame mkali wa mwaka 2011 wafugaji walilipwa kwa mara ya kwanza. Andrew Mude, mwanauchumi Mkenya aliyeongoza kazi hiyo, alitunukiwa tuzo ya Norman Borlaug kwa kazi za uwandani mwaka 2016.

Uzuri wa mkataba huu uko wapi? Mfugaji hawezi kuibadili picha ya setilaiti. Akimwacha ng'ombe wake afe, halipwi zaidi. Akimwokoa, anabaki na ng'ombe na fidia pia. Ukame, ambao hana mamlaka juu yake, unabebwa na bima. Uangalifu wake, ambao uko mikononi mwake, unabaki kuwa wake. Hapo hatari ya kimaadili imekatwa mzizi bila kumwongezea mfugaji mzigo wowote.

Lakini kila dawa ina uchungu wake. Setilaiti huona eneo, haioni boma. Mifugo wako wanaweza kufa kwa ugonjwa, au kwa sababu mvua imepita kijiji cha jirani na kukiruka chako, huku kipimo kikisema malisho ni mazuri. Hapo umelipa ada, umepoteza ng'ombe, na hulipwi kitu. Pengo hilo kati ya kipimo na hasara halisi ndilo bei inayolipwa ili kuepuka hatari ya kimaadili. Anayeiuza bima hii bila kulieleza pengo hilo hamtendei mfugaji haki.

Maharagwe au nyanya

Sasa tuje kwenye mkopo. Wengi hawaoni kwamba mkopo usio na dhamana una bima ndani yake: biashara ikifaulu, faida ni ya mkopaji, ikiangamia kabisa, aliyetoa fedha ndiye anayepoteza. Tufuate tena mfano wa kubuni.

Mkulima hana akiba. Anakopa 1,000,000 alime msimu mmoja, na baada ya mavuno atarudisha 1,200,000. Anaweza kupanda maharagwe, ambayo tuseme yatamletea 1,500,000 bila shaka. Au anaweza kupanda nyanya. Nyanya zikikubali na soko likiwa zuri atapata 2,400,000, lakini mara moja katika kila mbili hupata sifuri. Kwa wastani nyanya huleta 1,200,000, chini ya maharagwe. Kwa kijiji kizima, maharagwe ndiyo chaguo bora.

Kwa mkulima je? Akipanda maharagwe, atabakiwa na 300,000 baada ya kulipa. Akipanda nyanya na kufaulu, atabakiwa na 1,200,000. Zikiharibika, hana cha kulipa na hana cha kupoteza. Wastani wake ni 600,000. Mkataba umemfanya aipende njia ambayo ni mbaya kwa jumla, na hasara ya uchaguzi huo imeangukia kwa mkopeshaji, ambaye sasa anapata wastani wa 600,000 badala ya 1,200,000 za hakika.

Mkopeshaji anayeona mikopo ikipotea hukimbilia kupandisha riba. Hebu tumpandishie mkulima wetu malipo hadi 1,400,000. Maharagwe sasa yanamwachia 100,000 tu. Nyanya zinamwachia wastani wa 500,000. Zamani nyanya zilimvutia mara mbili ya maharagwe, sasa zinamvutia mara tano. Riba kubwa haikumwadabisha mkulima, ilimsukuma kwenye kamari. Mwaka 1981 Joseph Stiglitz na Andrew Weiss walieleza kwa hoja ya aina hii kwa nini benki mara nyingi huona afadhali kumnyima mtu mkopo kuliko kumkopesha kwa riba ya juu zaidi. Mnapoona matangazo ya mikopo ya haraka yenye riba ya kutisha, kumbukeni nyanya hizi.

Dawa ya kwanza ni mkopaji kuweka fedha zake. Mkulima akichangia 600,000 kutoka mfukoni na kukopa 400,000, atarudisha 480,000. Maharagwe yatampa 1,020,000, nyanya zitampa wastani wa 960,000. Atapanda maharagwe bila kuhubiriwa, kwa kuwa sasa anaweza kupoteza cha kwake. Lakini ni mkulima gani maskini mwenye 600,000 zilizolala? Dawa hii huponya mkataba kwa kumfungia mlango yule ambaye mkopo ulikusudiwa kumsaidia.

Dawa ya pili ni jina jema. Nchini Malawi, mwaka 2007, watafiti walishirikiana na mkopeshaji wa vijijini aliyewakopesha wakulima pembejeo za kulima paprika. Wakati huo nchi hiyo haikuwa na kitambulisho cha taifa, hivyo aliyeshindwa kulipa angeweza kurudi msimu ujao kwa jina jingine. Vikundi vya wakulima viligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi ya wakulima walichukuliwa alama za vidole, wengine hawakuchukuliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012 na Xavier Giné, Jessica Goldberg na Dean Yang. Kwa wakulima wengi alama za vidole hazikubadili kitu, kwa sababu wangelipa vyovyote vile. Lakini wale waliokadiriwa kuwa hatarini zaidi kutolipa, walipojua kwamba kumbukumbu itawafuata, walilipa vizuri zaidi sana. Na walipoangaliwa shambani, ilionekana walitenga ardhi zaidi kwa paprika na kutumia pembejeo zaidi kwa zao hilo walilolikopea.

Jambo hilo la mwisho ndilo la kuzingatiwa. Mkopeshaji hakuongeza riba, wala hakuchukua mbuzi wa mtu. Alichofanya ni kukipa thamani kitu ambacho hata maskini anacho, yaani nafasi ya kukopa tena, na mtu akakilinda kwa jembe lake.

Na mkopeshaji je?

Narudi sasa kwa swali lililotuanzisha. Katika mifano yote nimemtazama mkopaji na mwenye bima, kama methali zetu zinavyofanya. Lakini tafsiri ya hatari ya kimaadili haikutaja maskini wala mkopaji. Ilisema: anayeamua hasara isiyo yake. Sasa mtazameni yule ofisa aliyepima hati yangu ya mshahara.

Uamuzi wa kumpa mwenzangu fedha ulikuwa wake. Alikuwa na uzoefu wa kujua kwamba vifaranga wengi katika banda dogo ni msiba. Safari moja ya nusu saa ingetosha. Lakini kwa nini aifanye? Mshahara wangu na wa mwenzangu mwingine ulikwisha kumlinda. Uangalifu ungemgharimu nusu siku, na faida yake ingekuwa yangu mimi. Ni yule kijana wa bodaboda mwenye bima kamili, isipokuwa huyu ana tai na muhuri. Mimi, ambaye nilikuwa bima yake, sikupokea ada yoyote na sikuwa na haki ya kulikagua banda.

Hapa wengine hunipinga. Husema kwamba dhamana kamili ndiyo inayowawezesha wakopeshaji kukopesha watu wasiojulikana, na kwamba ukiwaachia hasara watafunga milango. Nakiri kuna ukweli hapo. Mdhamini anayeishi karibu na mkopaji huona mambo ambayo ofisi haiyaoni, na ndiyo sababu vikundi vya kudhaminiana vimefaulu mahali pengi. Lakini vimefaulu pale wanakikundi wanapoweza kuuliza, kukagua na hata kukataa kabla fedha hazijatoka. Mdhamini aliyekamatiwa mshahara tu, asiye na sauti, si jicho la mkopeshaji. Ni mto wa kumlaza usingizi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mkopeshaji asiruhusiwe kukusanya deni lote kutoka kwa wadhamini. Sehemu fulani ya hasara ibaki kwake, hata kama ni robo tu. Na ofisa wa mikopo asilipwe bakshishi kwa wingi wa mikopo aliyoitoa, bali kwa ile iliyorudi. Kama chama kile kingejua kwamba 750,000 kati ya zile milioni tatu zingekuwa hasara yake, naamini ofisa angeliona banda lile kabla ya kuku wa kwanza kuingia. Huenda mwenzangu angekopeshwa fedha za vifaranga hamsini, akajifunza, na leo angekuwa bado jirani yangu.

Wala sitaki mfikiri kwamba kila hasara ni dalili ya uzembe. Ugonjwa wa kuku huingia hata katika mabanda mazuri, na mvua haisomi mikataba. Ukimwachia mtu hasara ambayo hakuweza kuizuia, hujamfundisha uangalifu, umemwadhibu kwa bahati mbaya. Kanuni ninayoitetea ina mikono miwili: kila aliye na uwezo wa kuzuia hasara abebe sehemu yake, na asiye na uwezo wa kuizuia alindwe. Marsabit ilitufundisha mkono wa pili, na banda la kuku likanifundisha mimi ule wa kwanza.

Siku moja karatasi italetwa mbele yenu pamoja na kalamu, na mtu mwenye haraka atawaonyesha mahali pa kutia saini. Kabla hamjaishika kalamu hiyo, ulizeni: Ni nani atakayeamua mambo baada ya leo? Ni nani atakayelipa akiamua vibaya? Na huyo atakayelipa ataonaje kinachoendelea? Kama anayelipa ni wewe, na huamui wala huoni, rudisha kalamu.

Msamiati

*Ada ya bima:* fedha ambazo mwenye bima huilipa kampuni ili alindwe.
*Fidia:* malipo anayopewa mtu aliyepata hasara.
*Dhamana:* mali au ahadi inayomhakikishia mkopeshaji kwamba atalipwa.
*Mdhamini:* mtu anayekubali kulipa deni mkopaji akishindwa.
*Pembejeo:* mbegu, mbolea na dawa zinazotumika katika kilimo.
*Maslahi:* faida au manufaa ambayo mtu anayo katika jambo.

Maswali ya mjadala

1. Katika mfano wa pikipiki, kwa nini sehemu ya asilimia 20 haikutosha kumfanya kijana afunge? Ingetosha kama kufuli na mnyororo vingegharimu 50,000?
2. Mfugaji wa Marsabit amepoteza ng'ombe kwa ugonjwa na hakulipwa. Je, ametendewa haki? Toa hoja za pande zote mbili.
3. Tunga methali yako mwenyewe inayomwonya mkopeshaji. Ile itakayopendeza zaidi tutaiandika ubaoni.